Namba 300 za Sabasaba, oda 2: dhana potofu kuhusu ujumbe wa baada ya maonesho

Maonesho ya Sabasaba huanza Juni 28 na kuendelea hadi karibu katikati ya Julai. Mjasiriamali wa siagi ya karanga anaweza kutoka uwanja wa Barabara ya Kilwa na daftari lenye namba 300, na mwezi Agosti akawa ameuza katoni 2 tu kwa watu wote hao. Mara nyingi bidhaa haina kosa. Shida iko kwenye daftari lenyewe, na kwenye ujumbe uliotoka humo.

Dhana: "Banda likifungwa ndipo nianze kuwaandikia."

Mwenye duka aliyeonja bidhaa yako Juni 30 atakuwa amesubiri karibu wiki mbili, na katikati ya hapo amepita mabanda mengine kadhaa yanayouza kitu kilekile. Ujumbe wako ukifika Julai 15 hakumbuki ladha, hakumbuki bei, wala sura yako. Mwandikie jioni ya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, wakati kipeperushi chako bado kimo kwenye mkoba wake.

Hilo linawezekana tu kama daftari lina zaidi ya jina na simu. Mbele ya kila namba ya mfanyabiashara andika mambo manne: duka liko wapi, amegusa bidhaa ipi, ametaja kiasi gani, na ameuliza nini. Swali aliloliuliza ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomzuia kununua. Aliyekuja kuonja tu na kununua kopo moja la nyumbani aandikwe ukurasa wa nyuma, asichanganywe na wenye maduka.

Kabla hajaondoka, mwombe akubipu au akutumie neno moja WhatsApp, kisha aihifadhi namba yako. Tarakimu moja ikikosewa kwenye daftari, mteja amepotea na hutajua kamwe. Akibipu, kosa linaonekana palepale.

Dhana: "Nikituma kwa wote kwa mpigo, nimemaliza kazi."

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, yaani brodikasti, humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi haoni kitu, nawe unabaki ukidhani amekupuuza. Wengine hukwepa hilo kwa kunakili maneno yaleyale na kuyabandika kwa mmoja mmoja, watu 200 kwa saa moja. Hapo wapokeaji wanaona namba ngeni yenye tangazo, wanabonyeza kuzuia au kuripoti, na namba ya biashara inaweza kufungiwa. Watu 15 walioandikiwa vizuri kwa jioni moja wanatosha.

Kuna na upande wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa jambo lilelile alilozitolea. Aliyekupa namba ili umpe bei ya jumla hakukupa ili umgawie jirani yako wa banda la pili.

Dhana: "Ujumbe mzuri unaieleza kampuni yote, na katalogi juu."

Hapa ndipo oda nyingi zinapofia. Mwenye duka anasoma akiwa kaunta, mteja amesimama mbele yake. PDF ya kurasa 12 inakula bando na haifunguliwi. Maneno "karibu sana kwa huduma bora" hayana cha kujibiwa, naye hajibu.

Tuchukue dada mwenye duka la vyakula Msamvu, Morogoro. Bandani alionja siagi isiyo na sukari, akasema angeanza na katoni 3, akauliza kama mafuta yakijitenga juu ina maana imeharibika. Ujumbe wake uwe hivi:

"Habari za jioni dada. Tulionana leo mchana Sabasaba, banda la siagi ya karanga, ukaonja ile isiyo na sukari. Uliuliza kuhusu mafuta kupanda juu: haijaharibika, ni kwa sababu hatuweki kitu cha kuyashikilia, ikikorogwa kwa kijiko inarudi sawa. Kopo ni gramu 400. Katoni ya makopo 12 ni shilingi 60,000, yaani 5,000 kwa kopo. Ukiuza 6,500 unabaki na 18,000 kwa katoni. Mzigo unapanda basi asubuhi, unaupokea Msamvu siku hiyohiyo, nauli ya mzigo juu yetu kuanzia katoni 3. Nikutumie katoni 3 Jumatatu au Alhamisi?"

Ambatanisha picha moja tu: kopo hilohilo alilolionja, lebo na alama ya ubora ya TBS zikionekana. Jina lake litangulie, na jina lako liwemo.

Kila sentensi hapo ina kazi. Ya kwanza baada ya salamu inamkumbusha, inayofuata inaondoa kizuizi chake mwenyewe. Hesabu ya faida imefanywa kwa upande wake, kwa sababu muuza duka hanunui siagi, ananunua ile 1,500 inayobaki kwenye kila kopo. Swali la mwisho linajibika kwa neno moja. Ukimwuliza "unaonaje?" atakwambia "nitakujulisha", na umerudi mwanzo.

Angalia bei pia. Kama bandani ulikuwa unauza kopo moja kwa 5,000 kama ofa ya Sabasaba, bei ya jumla ya 5,000 itamkera, na ana haki. Aidha ofa ya bandani iwe juu ya bei ya jumla, au umweleze wazi kwamba ile ilikuwa ya maonesho na imeisha.

Mnunuzi wa supamaketi ni habari nyingine. Yeye mwandikie barua pepe, uambatanishe cheti cha TBS, namba ya mlipakodi, msimbopau na orodha ya bei. Bila hivyo hawezi hata kukuingiza kwenye mfumo wake.

Dhana: "Asiyejibu hataki."

Huenda alisoma akiwa kwenye daladala, akasahau. Mrudie baada ya siku 3, kisha baada ya siku 10 hivi, na kila mara uje na jambo jipya, siyo "naulizia tu". Kama siku ya kwanza hukumjibu swali lake, mpigie kwa dakika mbili, asubuhi kabla duka halijachangamka. Mara ya pili punguza mzigo wa uamuzi: "Tunaweza kuanza na katoni 1, nauli utachangia." Ukipita mara tatu bila neno, mwache hadi msimu mwingine. Akisema hataki, mfute.

Dhana: "Amesema sawa, basi ni oda."

"Sawa dada, tuma" bila malipo wala tarehe huishia kwa katoni kukaa stendi bila mwenyewe. Akikubali, mrudishie ndani ya saa hiyo profoma fupi: katoni 3, shilingi 180,000, siku ya kusafirisha, jina la atakayepokea, na Lipa Namba yenye jina la biashara, siyo la mtu binafsi. Kwa oda ya kwanza omba nusu, 90,000, kabla ya kupakia, na nusu akipokea. Mzigo ukishapakiwa, piga picha ya risiti ya basi na namba ya gari umtumie. Risiti ya EFD iingie ndani ya katoni.

Kisha andika tarehe kwenye daftari: wiki mbili baada ya mzigo kufika, mwulize yamebaki makopo mangapi. Kama yamebaki chini ya 12 kati ya 36, hiyo ndiyo siku ya kumuuliza tena Jumatatu au Alhamisi.