Ujumbe wa kuomba kumtembelea mtu mliyefahamiana mtandaoni: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa kijana wa Dar es Salaam ambaye kwa miezi miwili amekuwa akiwasiliana na dada anayeishi Dodoma, na sasa anataka kumwandikia kwamba angependa waonane. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, safari hiyo ni ya takribani saa nne au pungufu, na kinachobaki kuwa kigumu ni ujumbe wenyewe.

Dhana: Kumtumia mtu nauli ndiyo dalili ya nia njema.

Ukweli ni kwamba nauli ndiyo mahali ambapo mambo haya huharibika zaidi. Anayetuma fedha taslimu kwa simu huweza kuambiwa baadaye kwamba mtoto ameugua au kwamba gari limeharibika njiani, na kila habari huja na ombi jingine. Anayepokea naye huweza kufika akiwa anajiona ana deni, na wapo wanaume wanaolidai deni hilo waziwazi. Kwa maoni yangu, anayependekeza ziara ndiye anayepaswa kusafiri na kujilipia, kwa kuwa hapo hakuna anayemdai mwenzake. Ikiwa ni lazima kumlipia mwenzako, mkatie tiketi kwa jina lake na kwa namba ya kitambulisho chake. Mtu asiyekuwa na nia ya kusafiri kwa kawaida hukataa tiketi na kusisitiza apewe fedha.

Dhana: Jina linalotokea kwenye simu unapotuma fedha linatosha kumthibitisha mtu.

Laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuthibitisha muamala, kwa hiyo jina lisilolingana na lile ulilopewa ni sababu nzuri ya kuuliza. Hata hivyo jina linalolingana linakuambia tu laini imesajiliwa kwa nani, wala halikuambii picha ulizotumiwa ni za nani. Simu ya video ya dakika kumi, iliyopigwa mchana na bila kupangwa siku nyingi kabla, inathibitisha zaidi.

Dhana: Kutaja usalama katika ujumbe wa kwanza ni kumtukana mwenzako.

Mambo huwa kinyume chake iwapo msafiri anaanza kwa kujiwekea masharti yeye mwenyewe. Ujumbe unaweza kuandikwa hivi:

"Habari za jioni. Nimefurahia mazungumzo yetu, na ningependa tuonane ana kwa ana ikiwa nawe unaona wakati umefika. Naweza kuja Dodoma Jumamosi ya wiki ijayo kwa treni ya asubuhi na kurudi jioni ileile. Nauli yangu najilipia, na chakula cha mchana nitalipa mimi kama hutajali. Napendekeza tukutane kwenye mgahawa ulio karibu na Nyerere Square, au mahali pengine penye watu unapopapenda. Ukitaka kuja na rafiki au ndugu, karibuni wote wawili. Dada yangu anajua ninakokwenda, nawe tafadhali mwambie mtu wako. Kabla sijakata tiketi, naomba tuzungumze kwa simu ya video. Kama bado ni mapema, niambie tu, tutaendelea kuzungumza."

Sentensi ya treni ya jioni ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu inaondoa swali la malazi kabla halijaulizwa, na yule dada hahitaji kutafuta namna ya kukataa jambo ambalo hakuombwa.

Dhana: Gharama ni nauli tu.

Nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, yaani 62,000 kwenda na kurudi. Stesheni ya Dodoma iko mbali kidogo na katikati ya mji, kwa hiyo ongeza kama 20,000 za bajaji au teksi katika miji yote miwili, na 30,000 za chakula cha watu wawili, au 45,000 akija na mwenzake. Kisha weka pembeni 50,000 za chumba cha gesti endapo utaachwa na treni ya kurudi, kwani asiye na akiba hiyo ndiye anayejikuta analala kwa mtu aliyemfahamu kwa saa tano. Jumla inafika 162,000, au 177,000 akija na mwenzake. Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda, maana za mwisho wa wiki huweza kuisha, na ratiba itazamwe upya siku moja kabla.

Majibu nayo yasomwe kwa makini. Akiomba kubadilisha mgahawa au tarehe, hilo ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa tayari umeshuka stesheni na ujumbe unakuja kwamba gari limetumwa likuchukue uende nyumbani, jibu kwamba utasubiri pale mlipokubaliana. Asipotokea, baki mjini penye watu hadi saa ya treni na umjulishe yule uliyemwachia taarifa zako.