Je, wajua asilimia ndiyo inayotoboa siri ya namba za ripoti?

Kwani kwa nini ripoti ya mradi inapitiwa na watu watatu na bado namba za wanufaika zinagongana?

Manake wote watatu wameisoma kama hadithi, juu mpaka chini, na namba mbili zinazogombana hazikai ukurasa mmoja, moja iko kwenye muhtasari, mwenzake yuko kwenye jedwali huko ndani, ukimfikia, yule wa kwanza ushamsahau. Chukulia ripoti ya robo mwaka, mafunzo ya afya kwa vijana hapa Mombasa. Muhtasari unasema vijana 480. Jedwali lina Likoni 164, Kisauni 172, Changamwe 126, jumlisha mwenyewe kwa kalkuleta (mstari wa jumla usiuamini, huenda mtu aliuandika tu) unapata 462. Hao 18 wametoka wapi?

Wengi hapo hubadilisha namba moja ifanane na nyingine, kazi iishe. Mbaya sana hiyo, kwani hujui ipi ndiyo. Angalia asilimia kwanza. Ripoti inasema wasichana ni 271, yaani asilimia 56. Gawa 271 kwa 462, inakuja karibu 59. Gawa kwa 480, ndio hiyo 56. Basi aliyeandika maelezo alishika 480 na aliyetengeneza jedwali alishika 462, si kidole kilichoteleza, ni hesabu mbili. Ukiomba fomu za mahudhurio unakuta saini 480, ila vijana 18 walihudhuria mafunzo mawili. Kuwatambua kwa jina peke yake hakutoshi, wakina Fatuma Ali pwani hii wako wangapi, na simu nayo unakuta ndugu wawili wameandika ya mama yao, kwa hiyo linganisha jina, umri na mtaa pamoja. Mwishowe vijana ni 462 na mahudhurio ni 480, zote kweli, bora kila moja iitwe jina lake. Lakini mwamuzi ni afisa wa ufuatiliaji na tathmini, wewe msahihishaji mwandikie swali pembeni.

Vifupisho navyo vinaharibu namba. Wahudumu wa afya wa jamii Kenya walibadilishwa jina kutoka CHV kwenda CHP 2023, ripoti ikiandika CHV 20 huku na CHP 20 kule, mfadhili ana haki ya kusoma 40. Chagua kimoja, kifafanue mara ya kwanza tu.

Nyakati za vitenzi hivyo hivyo. “Tutafunza vijana 500” ni lengo lililonakiliwa kutoka kwa ombi la ufadhili, likibaki kwenye sehemu ya kazi zilizofanyika linageuka namba ya tatu. Bonyeza Ctrl+F, tafuta “tuta” na “uta”, au `will` kama ripoti ni ya Kiingereza, uache tu zilizo kwenye mipango ya robo ijayo. Kisha tafuta 480 ripoti nzima, na maelezo ya chini ya picha uyapitie kwa macho, huko ndiko namba ya zamani hujificha, tena mara nyingine imeandikwa kwa maneno na Ctrl+F haiioni.