Uso Unaong'aa Mafuta Nao Huweza Kukosa Maji

Binti wa jirani yetu hapa Mikindani, anayekaanga samaki na kuwauza jioni, alinijia mwezi wa Julai, kusi ikivuma kavu, akalalamika kwamba uso wake hung'aa mafuta kabla ya adhuhuri, lakini mashavu huvuta kila anaponawa. Kwa kuuchukia mng'ao huo alikuwa ananawa mara tano kwa siku kwa sabuni ya mche, na hakuwa anapaka chochote.

Dhana potofu: ngozi yenye mafuta haiwezi kukosa maji.

Ukweli: mafuta na maji ya ngozi havitoki mahali pamoja. Mafuta yanayong'aa hutoka kwenye tezi zilizo kando ya mashina ya vinyweleo, na wingi wake huamuliwa hasa na homoni. Maji hushikiliwa na tabaka la juu kabisa, ambalo seli zake zimepangwa kama matofali yaliyounganishwa kwa mafuta ya aina nyingine, yasiyotoka kwenye tezi hizo. Sabuni ya mche ina alkali kali, pH yake ikiwa karibu 10, ilhali ya uso wenye afya ni karibu 5. Kwa hiyo kunawa nayo mara kwa mara huudhoofisha muunganiko huo, maji yakapotelea hewani, huku tezi zikiendelea na kazi yake kama kawaida.

Dhana potofu: ngozi inayovuta ni ngozi kavu.

Ukweli: ngozi kavu ni aina ya ngozi, yenye upungufu wa mafuta. Mara nyingi mwenye nayo huijua tangu utotoni, kwa kuwa haing'ai na hupauka hata miguuni na mikononi. Kupungukiwa maji ni hali inayoweza kumpata yeyote na ikaondoka. Ili kuzitofautisha, tulimnawisha kwa sabuni laini, akajifuta taratibu, akakaa saa 1 bila kupaka kitu. Karatasi laini tuliyoibandika kwenye paji la uso ilitoka na madoa ya mafuta. Shavu, liliposukumwa juu kwa kidole, lilionyesha mikunjo myembamba kama ya karatasi iliyokunjwakunjwa. Mafuta yapo, maji hayatoshi.

Wapo wanaoshauri kunywa maji mengi tu. Kwa mtu asiye na kiu wala ugonjwa, maji ya ziada hayazibi tabaka lililoharibika.

Nilimshauri anawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, kisha apake losheni nyepesi yenye gliserini uso ukiwa bado na unyevu, kwa sababu gliserini huyavuta maji na kuyashika. Mafuta ya nazi nilimkataza usoni, maana huweza kuziba vinyweleo na kumletea chunusi. Baada ya wiki 3 mashavu yaliacha kuvuta. Mng'ao wa adhuhuri ulibaki, nami nilikuwa nimemwambia mapema kwamba losheni haiziamuru homoni.