Kivuli kwenye ngazi: vile nilijenga taharuki ya sekunde 38

Nimemaliza kasini kafupi ka animesheni, sekunde 38 tu, fremu 912 kwa sababu nafanya kwa fremu 24 kila sekunde, na kamenikalia kichwani hadi nikaona niandike vile nilikajenga, hasa pale kalikataa kabisa kutisha mpaka nikajua shida iko wapi.

Hadithi ni hii. Ploti ya ghorofa huko Pipeline, Nairobi, hakuna lifti, msichana wa miaka tisa yuko peke yake floo ya tano, stima inapotea. Mlango ameuacha wazi kidogo, kama upana wa kiganja, anachungulia korido akingoja mamake. Anasikia kitu kizito kinapanda ngazi. Halafu kwenye ukuta wa korido kinatokea kivuli chenye nundu, hakina shingo. Mwisho tunajua ni mamake, maji yalikuwa yamekatika akaenda kuchota, amebeba mtungi wa lita 20 mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na mtoto wa jirani anamfuata nyuma akimmulikia na tochi ya simu.

Kitu cha kwanza nilijiwekea: sitamdanganya mtazamaji. Kila sauti na kila umbo la kutisha lazima litoke kwa huyo mama na mtungi wake, ndio mtu akirudia kuangalia aone kila kitu kilikuwa pale pale mbele yake. Ukiweka mngurumo wa mnyama halafu useme alikuwa mama, watu wanahisi wameibiwa, na wako sawa.

Sasa kivuli. Vesheni ya kwanza nilifanya vile karibu kila mtu hufanya, mama akisogea karibu kivuli nacho kinakua. Kikaonekana feki na sikuelewa mara moja ni kwa nini, hadi nikazima stima kwa nyumba, nikaegemeza simu kwa kiti na kutembeza kikombe mbele ya tochi. Kitu kikitoka kwa taa kikielekea ukutani, kivuli kinapungua. Hesabu yake ni rahisi, chukua umbali wa taa hadi ukuta, gawanya na umbali wa taa hadi kitu chenyewe, jibu ndio mara ngapi kivuli kitazidi kitu. Kwa hivyo mama akipanda kuelekea korido na tochi iko palepale chini, kivuli chake lazima kinywee, na macho ya watu yanajua hivyo hata kama midomo yao haiwezi kueleza.

Hapo ndio nikapata ufunguo wa sini yote. Mama asimame, taa ndio isogee. Anafika pale ngazi inapokata kona, amechoka, anapumzika, na yuko mita 3 kutoka kwa ukuta. Mtoto mwenye tochi yuko mita 4 nyuma yake, kwa hivyo taa iko mita 7 kutoka ukutani, 7 ukigawanya na 4 ni 1.75, na nundu ya mtungi yenye sentimita 40 inakuwa 70 ukutani. Halafu mtoto anapanda haraka kumfikia, miguu mitupu, husikii kitu, anabaki mita 1 nyuma yake. Sasa ni 4 ukigawanya na 1, mara nne, nundu imekuwa mita 1.6 na imemeza karibu ukuta wote unaoonekana kwenye mwanya wa mlango. Nyayo zimenyamaza kabisa na kivuli kinafura. Mtazamaji anasikia kitu kimesimama lakini anaona kinakuja, na hizo habari mbili kugongana ndio kunafanya mtu ashike kiti.

Kwa Blender, programu ya animesheni ninayotumia, nilichukua taa ya aina ya Spot kama tochi na Radius, yaani ukubwa wa taa yenyewe, nikaiweka 0.01 m, kwa sababu tochi ya simu ni kitone kidogo na kivuli chake kina ukingo mkali. Mwanzoni nilikuwa na 0.3 m na kivuli kikawa ukungu tu, hakuna nundu, hakuna kamba, giza tu lisilo na umbo, na giza lisilo na umbo halimuulizi mtazamaji swali lolote.

Muda sasa. Mtu aliyebeba kilo 20 hapandi kama saa. Nyayo zake nilizipanga fremu 20 kati ya hatua na hatua, halafu 24, halafu 28, halafu kimya. Kile kimya cha kwanza nilikipa fremu 24, yaani sekunde moja, na binamu yangu niliyemwonyesha hakugundua hata kama nyayo zilisimama. Nikaongeza hadi 72, sekunde tatu, ambazo ukiwa unaedit zinaonekana ndefu ajabu na kidole kinataka kukata, usikate, wewe umeshaiona mara mia na yeye anaiona mara ya kwanza. Ila msichana asigande kama picha kwa hizo sekunde tatu, anapumua kidogo, na mboni zinahama kutoka chini ya ukuta kwenda juu fremu kama sita kabla kivuli kianze kufura, yeye aone kwanza ndio sisi tuone.

Sauti nilirekodi mwenyewe kwa ngazi za ploti yetu usiku. Nilijifunza kitu hapo: mtungi uliojaa hadi shingoni hauchezi, maji hayana nafasi ya kugonga, kwa hivyo nilipunguza robo ndio nikapata ule mlio mzito wa kubingirika ndani. Ili hiyo isiwe uongo, kwenye picha ya mwisho mtungi umezibwa na gunzi na ngazi zote zimeloa, maji yamekuwa yakimwagika njia nzima, na yale matone yaliyosikika kwenye kimya yanapata maelezo yake. Huo mlio wa maji nilipitisha kwa filta inayokata sauti za juu ya 800 Hz, kwa sababu bila hiyo binamu alisema sekunde ya tisa, "si huyo ni mtu amebeba maji". Kila floo anayopanda nafungua filta kidogo kidogo, yaani sauti inakuja karibu bila kuongezwa volyumu.

Na kimya kisiwe sifuri. Ukifuta sauti zote mtu anadhani spika imekufa. Mimi naanza na friji ikinguruma sekunde nne, stima ikienda friji inakata, na hapo ndio unasikia ploti: matatu mbali, mtoto akilia floo ya chini. Nikaondoa matatu, nikaondoa mtoto, mpaka likabaki tone la maji na hewa ya korido kwenye kama -50 dB, yaani hafifu sana.

Kufichua nako nilihangaika nako sana. Nilikuwa nimeweka mlango unafunguka, tunamwona mama, basi, na ilianguka pu. Sasa mlango unasukumwa, tochi inapiga kamera moja kwa moja fremu 12, hatuoni kitu, halafu tunakata kwenda kwa uso wa msichana. Tunasikia mtungi ukitua sakafuni, dum, na maji yanacheza ndani wazi wazi bila filta. Mabega yake yanashuka. Tunabaki hapo usoni fremu 30 nzima, halafu sauti ya mamake ikimwita, "Mama, njoo unitoe hii kamba," na ndio tunamwona, ameinama bado, alama ya kamba iko kwa paji la uso.