Uzito wa paneli hautoshi kuishikilia

“Paneli ya sola ni nzito, fremu ikigusa bati vizuri inatosha. Upepo utaibebaje?”

Tuchukue paneli ya mita mraba 2 yenye kilo 22. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kama kilomita 108 kwa saa, una mgandamizo wa takriban nyutoni 540 kwa kila mita mraba. Kwenye kingo za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kufikia kiasi hicho au kukizidi. Zidisha kwa 2: nyutoni 1,080, sawa na kuinua kilo 110. Uzito wa paneli ni sehemu ya tano tu ya hapo.

Kwa hiyo skrubu lazima ipenye bati na kuuma papi ya mbao chini yake. Ikishika bati peke yake, tundu hupanuka kidogo kidogo kwa kutikisika, na paa huanza kuvuja kabla paneli haijang'oka. Toboa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Washa ya mpira ibane hadi itokeze kidogo tu pembeni. Ikibonyea sana hupasuka, na silikoni ya kupaka juu haitaiokoa muda mrefu.

Paa la vigae hutumia ndoano inayofungwa kwenye kenchi, bila kuegemea kigae. Juu ya zege, matofali ya uzito huepusha kutoboa, ila kwanza fundi athibitishe kwamba zege litaubeba mzigo huo.