Tarakimu ya 7 na ya 8 za IMEI hazitaji nchi wala ubora wa simu

"Nimeambiwa tarakimu ya 7 na ya 8 za IMEI zikiwa 13 simu ni mbovu, zikiwa 00 ni ya kiwandani kabisa. Kweli?"

Si kweli. IMEI ni namba ya utambulisho ya simu. Zamani tarakimu hizo mbili zilitaja kiwanda cha kuunganishia, lakini mpango huo ulifutwa Aprili 2004. Leo tarakimu 8 za mwanzo ni kitu kimoja, TAC, inayotambulisha mtengenezaji na modeli.

Piga *#06# uone IMEI yako. Tuseme inaanza na 35468713. Hiyo 35 ni chombo cha Uingereza kilichogawa namba, wala haina maana simu ilitengenezwa huko. Hiyo 13 ni mkia tu wa TAC. Zinafuata tarakimu 6 za simu yenyewe, kisha 1 ya uhakiki. Tarakimu 6 zinatosha simu milioni 1, kwa hiyo modeli inayouzwa sana hupewa TAC kadhaa, na simu mbili za kiwanda kimoja huweza kutofautiana.

Tanzania, tuma IMEI kwenda 15090. Jibu likitaja modeli tofauti na uliyoshika, hapo ndipo pa kushtuka. Nchi simu ilikotengenezwa isome kwenye boksi.