Tithi ikianza mchana, Diwali ni siku gani?

Tangu Oktoba 2024 ofisi yetu ya kalenda ya sikukuu za Kihindu inapokea barua zenye lalamiko moja kutoka kwa maofisa utumishi na walimu wakuu. Mfanyakazi mmoja aliomba ruhusa tarehe 31 Oktoba, mwenzake akaomba tarehe 1 Novemba, wa tatu tarehe 2, na wote watatu wamejaza "Diwali" kwenye fomu. Wengi wa walioandika wanauliza kwa nia njema. Wachache wameshakata shauri kwamba kuna anayedanganya, au kwamba Wahindu wenyewe hawaijui sikukuu yao. Kauli hiyo ya pili ililetwa kwa barua yenye muhuri.

Hakuna aliyedanganya. Tatizo lilikuwa tithi iliyoanza mchana.

Tithi ni kipimo cha mwendo wa mwezi, nacho hakipimwi kwa macho. Nasisitiza hili kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wamezoea mjadala wa kuandama kwa mwezi kila Ramadhani inapokaribia, wakadhani na sisi tuna watu juu ya paa wanaotazama upeo wa macho. Hatuna. Mwezi na jua vikiwa upande mmoja wa anga hesabu inaanza sifuri. Kutoka hapo mwezi unalitangulia jua, na kila unapoliacha nyuzi 12 tithi moja imekwisha. Duara zima ni nyuzi 360, hivyo mwezi mmoja una tithi 30: kumi na tano za mwezi kukua na kumi na tano za mwezi kupungua. Ya mwisho kabisa, nyuzi 348 hadi 360, ndiyo amavasya, ile ya usiku usio na mwezi. Diwali iko humo.

Hesabu hii haina habari na usiku wala mchana wetu. Tithi huanza pale mwezi unapofikisha nyuzi zake, iwe alfajiri, saa sita ya adhuhuri au usiku wa manane. Wala urefu wake haulingani. Mwezi ukiwa karibu na dunia hukimbia, na tithi inaweza kumalizika kwa saa 20 hivi; ukiwa mbali hujikongoja, na tithi hufika saa 26 na ushee. Mwishoni mwa Oktoba 2024 mwezi ulikuwa umetoka tu kupita sehemu ya mbali kabisa ya njia yake, kwa hiyo amavasya ile ilichukua saa 26 na dakika 24. Kitu kirefu kuliko siku, kikianza mchana, lazima kigawanyike katika tarehe mbili za kalenda ya ukutani.

Sasa siku ya kawaida itaitwaje? Katika panchangi, ambayo ndiyo kalenda yetu ya dini, siku huanza macheo na kwenda hadi macheo yanayofuata, tofauti na kalenda ya serikali inayogeuka saa sita usiku. Siku nzima hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza, kama kitabu cha mlinzi getini kinavyoandikwa jina la aliyekutwa zamu asubuhi, hata kama saa saba mchana atampisha mwenzake. Tithi ikitokea kuanza baada ya macheo na kuisha kabla ya macheo ya kesho, namba yake hairukwi kwa makosa ya mpiga chapa, imekosa macheo tu. Ikikuta macheo mawili, namba hujirudia. Tafadhali msiturudishie kalenda kwa sababu hiyo.

Kanuni ya macheo ingetosha kama sikukuu zote zingeifuata. Hazifuati. Kila sikukuu ina saa yake ya ibada, na kinachotafutwa ni tithi iliyopo saa hiyo. Kuzaliwa kwa Rama huadhimishwa adhuhuri, kuzaliwa kwa Krishna usiku wa manane. Ibada ya Lakshmi siku ya Diwali ni ya jioni, katika muda unaoitwa pradosha, yaani saa mbili na dakika ishirini na kitu zinazofuata machweo. Diwali ni jioni ambayo amavasya imeishika pradosha. Asubuhi yake panchangi inaweza kuwa na jina jingine kabisa, na hilo halibadilishi kitu.

Tuichukue 2024 hapa kwetu. Amavasya ilianza Alhamisi tarehe 31 Oktoba saa 7:22 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, ikaisha Ijumaa tarehe 1 Novemba saa 9:46 alasiri. Asubuhi ya Alhamisi jua lilichomoza tithi ya kumi na nne ingalipo, kwa hiyo panchangi iliiandika Alhamisi kuwa ya kumi na nne. Lakini Alhamisi hiyo hiyo jua lilipozama, Nairobi kama saa 12:20 jioni na Dar es Salaam dakika chache kabla, amavasya ilikuwa imeshaingia tangu mchana. Ijumaa mambo yaligeuka: macheo yaliikuta amavasya, siku ikaitwa amavasya, ila hadi jioni inafika ilikuwa imekwisha zaidi ya saa mbili. Siku yenye jina la amavasya haikuwa na jioni ya amavasya. Kwa hiyo Diwali ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala ilikuwa Alhamisi tarehe 31, na kwa kanuni ya pradosha hapakuwa na nafasi ya ubishi.

Na yule wa tarehe 2? Huyo ni Mgujarati, kama walivyo Wahindu wengi wa nchi hizi, na alichokuwa akiadhimisha ni mwaka mpya, Bestu Varas. Mwaka mpya unafuata macheo. Tithi ya kwanza ya mwezi kukua ilianza Ijumaa saa 9:46 alasiri, ikachelewa macheo ya Ijumaa, ikakutwa na macheo ya Jumamosi tarehe 2 Novemba. Kwa kawaida watu wamezoea Diwali leo, mwaka mpya kesho. Tithi ikianza mchana, kati ya hizo mbili hubaki siku isiyo na sikukuu, ambayo Wagujarati huiita dhoko. Wenye maduka wengi hawafungui hesabu mpya siku hiyo. Mfanyakazi wa tatu alistahili ruhusa yake. Kosa lake ni kuandika "Diwali" badala ya "mwaka mpya", na fomu nyingi tulizoziona hazina hata nafasi ya kuandika hilo la pili.

Aliyeomba Ijumaa ndiye mwenye kisa kirefu, kwa maana alisoma panchangi ya India. India yenyewe ilitatizika kweli. Kwa saa za kule amavasya ilianza Alhamisi saa 9:52 alasiri na kuisha Ijumaa saa 12:16 jioni. Delhi jua lilizama Ijumaa kama saa 11:36, hivyo amavasya ilibaki dakika 40 ndani ya pradosha. Kolkata, iliyo mashariki zaidi, ilibakiwa na zaidi ya saa nzima. Mumbai, upande wa magharibi, dakika kumi na moja hivi. Jioni zote mbili zikawa zimeguswa na amavasya, moja kikamilifu na nyingine kwa sehemu. Wako wanazuoni wanaosema tithi ikigusa jioni mbili ishikwe ya pili, ilimradi ibaki angalau ghati moja, yaani dakika 24, baada ya machweo. Wengine wanashika ile iliyojaa pradosha yote na usiku wake. Serikali kuu ya India ilitoa mapumziko tarehe 31 Oktoba, lakini ziko familia na mahekalu yaliyosherehekea tarehe 1, na yana hoja yao.

Hoja hiyo haisafiri baharini. Nukta ambayo tithi inaanza au kuisha ni moja kwa dunia nzima; kinachobadilika ni saa iliyo ukutani na wakati wa machweo ya mji wako. Sydney, kwa mfano, amavasya ile ilianza Alhamisi usiku saa 3:22, jua limezama kitambo, ikaendelea hadi Ijumaa karibu na usiku wa manane. Wao Ijumaa ndiyo iliyokuwa na pradosha kamili. Basi Mhindu wa Sydney aliyewasha taa Ijumaa na wa Mombasa aliyewasha Alhamisi wamefuata kanuni moja.

Mtego unaowanasa wengi hapa ni huu. Mtu ana panchangi iliyochapwa Ahmedabad, au programu ya simu ambayo mji wake haujabadilishwa. Anaona amavasya inaisha 18:16. Anatazama machweo ya Nairobi, anaona 18:20. Anahitimisha kwamba imepishana na jioni kwa dakika nne tu, na kwamba dakika nne si neno. Hizo ni saa za nchi mbili tofauti. Saa ya India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ukiondoa, 18:16 inakuwa 15:46. Hakikisha kwanza jina la mji lililo juu ya ukurasa. Kama ni la India, ondoa saa mbili na nusu kwenye kila muda wa tithi, kisha utafute macheo na machweo ya mji wako mwenyewe. Usichukue machweo ya India ukayafanyia hesabu hiyo hiyo; jua la Nairobi halizami kwa saa za India, na wapo wanaofanya hivyo kila mwaka.

Kuhusu barua za uthibitisho, tunarudia utaratibu kwa kuwa bado unakiukwa. Barua iombwe na mwajiri au shule, si na mfanyakazi peke yake. Itaje mji, kwa sababu bila mji hatuwezi kutafuta machweo, na ombi lisilo na mji linarudishwa bila kujibiwa. Itaje sikukuu kwa jina: Diwali na mwaka mpya ni maombi mawili, ingawa yanaweza kuwa kwenye karatasi moja. Kamati za mahekalu zinazokodi ukumbi zipate uthibitisho kabla ya kulipa amana. Ukumbi ukishalipiwa kwa tarehe tuliyoikana kwa maandishi, amana hairudishwi, na kueleza kwamba mjomba aliyeko Rajkot alisema vingine hakusaidii. Kwa walio Kenya, Diwali imetajwa katika sheria ya sikukuu za umma kuwa mapumziko ya Wahindu. Kwa Tanzania, Diwali haimo kwenye orodha ya mapumziko, kwa hiyo huko ni suala la makubaliano na mwajiri.

Hali hii si ya nadra. Oktoba 2025 amavasya ilianza tena mchana, tarehe 20, na Diwali ikawa jioni ya tarehe hiyo huku mwaka mpya wa Kigujarati ukisubiri hadi tarehe 22. Mwaka 2026 mwezi na jua vinakutana tarehe 9 Novemba asubuhi kwa saa zetu, hivyo jioni pekee yenye amavasya ni ya Jumapili tarehe 8. Diwali ni hiyo ya tarehe 8, na mwaka mpya ni Jumanne tarehe 10. Jumatatu katikati panchangi itaandika amavasya, na fomu za ruhusa zitakazotaja Diwali kwa Jumatatu hiyo tutaziomba ziandikwe upya.